Video ishirini zimo ndani ya msimu mmoja wa mahindi

Mkulima anayetaka kufungua chaneli ya kufundisha kilimo cha kisasa akipewa karatasi aandike mada ishirini, saba za mwanzo humjia bila shida: mbegu bora, mbolea, palizi, wadudu, magonjwa, mavuno, masoko. Ya nane inachelewa. Ya tisa anaikopa kwa watu wengine, ndipo unaona ameandika kitalu nyumba wakati hana hata nguzo yake moja, au ndege ya kupulizia dawa ambayo hajawahi kuishika. Kalamu inawekwa chini na chaneli inazinduliwa na video moja ndefu ya dakika arobaini inayoitwa "Kilimo bora cha mahindi", iliyobeba kila kitu. Watu huitazama dakika mbili, bando likienda, kisha huiacha.

Kosa liko kwenye namna ya kutafuta. "Mbolea" ni sura nzima ya kitabu. Video inahitaji kitu kidogo kuliko hapo: uamuzi mmoja ambao mkulima hana budi kuufanya kwa siku fulani, akiwa amesimama mahali fulani, na kifaa fulani mkononi. Msimu mmoja wa mahindi una maamuzi ya namna hiyo mengi, na kuyapata ishirini ni kazi ya jioni moja ukijua pa kuanzia.

Tumchukulie mkulima wa Mbozi, mkoani Songwe, mwenye ekari tatu za mahindi na kipande cha maharage. Kwake mvua ni msimu mmoja, zinaanza karibu na Novemba na kukata karibu na Mei. Achukue daftari la shule, alilaze, achore mstari mrefu kutoka Septemba mpaka Agosti. Juu ya mstari aandike kinachofanyika shambani kila mwezi. Chini yake, na hapa ndipo penye mali, aandike swali ambalo jirani, shemeji au mtu wa dukani aliwahi kumuuliza katika mwezi huo, kwa maneno yaleyale aliyouliza. "Hii dawa ni vifuniko vingapi kwa bomba?" "Mbona ya kwangu yamegeuka zambarau?" "Mvua hii ya jana ndiyo yenyewe?" Kila swali ni video, na kichwa chake kimeshapatikana, kwa sababu mtu mwingine mwenye shida hiyohiyo ataandika maneno hayohayo anapotafuta kwenye simu.

Tuanze Septemba, shamba likiwa kavu. Wazo la kwanza ni kuchukua sampuli ya udongo. Mkulima anatembea shambani kwa kwenda pembe kwa pembe, anachimba mahali kama kumi na tano kwa kina cha sentimeta ishirini, anakwepa kichuguu, njia na pale palipokuwa zizi la zamani, anachanganya udongo wote kwenye ndoo ya plastiki na kubakiza nusu kilo ya kupeleka maabara. Kwa mtu wa Mbozi, kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, si mbali. Wazo la pili ni siku majibu yanaporudi. Mkulima analaza karatasi mezani na kuonyesha kidole chake kikipita kwenye mstari wa pH. Mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini yana tindikali, na namba ikishuka chini ya 5.5 mkulima anapaswa kumwuliza mtaalamu habari za chokaa kabla hajaongeza mfuko mwingine wa mbolea. Mawazo haya mawili yasiunganishwe. Anayechimba leo hana karatasi bado, na aliye na karatasi hahitaji tena kuonyeshwa jembe.

La tatu ni mfuko wa mbegu: lebo, tarehe, namba ya kukwangua na kuhakiki kwa simu, na mshono wa mfuko uliofunguliwa na kushonwa upya. La nne ni swali la kila mwaka: kwa nini mahindi ya chotara yaliyofanya vizuri mwaka jana yasitunzwe mbegu? Maelezo ya mdomo hapa hayamshawishi mtu. Mistari miwili inayoota bega kwa bega, mmoja wa mbegu mpya na mwingine wa punje za ghalani, humshawishi, kwa kuwa wa pili huja na mimea mirefu na mifupi iliyochanganyikana na mahindi ya kila saizi. Ila mistari hiyo lazima ipandwe kwa makusudi, na mawazo mengi mazuri ya video yana sharti kama hili: yakikumbukwa Machi yameshachelewa, yanasubiri mwaka mwingine.

Maharage ni jambo lingine, kwa sababu wakulima wengi hupanda mbegu zao wenyewe na hakuna ubaya. Wazo la tano ni kupima uotaji. Punje mia moja zinahesabiwa, zinaviringishwa kwenye kitambaa kibichi, kitambaa hakiachwi kikauke, na baada ya siku saba anahesabu zilizochipua. Zikiwa tisini, apande kama kawaida. Zikiwa sabini, ajue mapema kwamba aongeze mbegu. La sita ni mvua ya kwanza. Badala ya kubashiri akiangalia mawingu, mkulima anachimba mbele ya kamera na kuonyesha unyevu ulipofika. Ukikuta udongo mbichi sentimeta tano tu na chini yake vumbi, mbegu itachipua na kufa. Kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa uwanjani na rula ndani yake linatosha kuwa kipimo cha mvua, na utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa unafaa kusomwa kwa sauti katika video hiyohiyo.

Sasa tufike kwenye upandaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wiki mbili hizi peke yake zina mawazo manne na ndizo zinazopotezwa na chaneli nyingi kwa kusema tu "zingatia nafasi".

Wazo la saba ni kamba. Mistari iachane sentimeta 75 na mashimo yaachane sentimeta 60, kila shimo likibakiwa na mimea miwili. Kamba ya katani inafungwa mafundo au vipande vya nguo nyekundu kila sentimeta 60, na vijiti viwili vya sentimeta 75 vinatumika kuisogeza. Video inaweza kuwa ya dakika tatu, nusu yake ikiwa mikono inayofunga mafundo. Kamba ya nailoni inavutika ikilowa, jambo dogo ambalo mtu aliyepanda kwa kamba analijua na msomaji wa vijitabu halijui.

La nane linatokana na hiyo kamba, na ndilo ningelitoa kwanza kabisa kama chaneli ni yangu. Kila mtu husema mbolea ya kupandia iwekwe kifuniko kimoja cha soda kwa shimo. Kifuniko kimoja ni gramu ngapi? Mkulima aende na vifuniko ishirini vya DAP, vilivyosawazishwa kwa kidole, kwenye mzani wa duka. Tuseme vimetoka gramu 100. Basi kimoja ni gramu tano. Kwa nafasi ya 75 kwa 60, ekari ina mashimo kama 9,000, na gramu tano mara 9,000 ni kilo 45, karibu sawa na ule mfuko mmoja wa kilo 50 unaoshauriwa kwa ekari. Sasa apime vifuniko ishirini vilivyojazwa kichuguu, jinsi mikono yenye haraka inavyofanya. Vikitoka gramu 160, kila kimoja ni gramu nane, na ekari itakula kilo 72. Mfuko utaishia kwenye theluthi mbili ya shamba na mistari ya mwisho itapandwa bila kitu, wakati mwenye shamba anaapa kwamba ametumia mbolea. Apime na yurea pia, kwa kuwa yurea ni nyepesi na kifuniko kilekile hakibebi uzito uleule. Video yote ni mzani, daftari na vidole vyenye vumbi jeupe. Hakuna anayehitaji kuambiwa umuhimu wake.

La tisa ni mbegu na mbolea kugusana. Makopo mawili ya kuotesha, udongo mmoja. Katika kopo la kwanza mbolea inawekwa, inafunikwa na udongo wa unene wa vidole viwili, kisha mbegu juu. Katika la pili mbegu inatupwa juu ya mbolea yenyewe. Ndani ya siku kama kumi majibu yanaonekana: la pili linachelewa, au linatoa kichipukizi chenye ncha iliyoungua. Ushauri wangu ni kupanda makopo matatu ya kila aina, maana mbegu moja inaweza kukataa kuota kwa sababu zake na kuharibu somo.

La kumi ni kuhesabu miche, na sijui kwa nini halifundishwi zaidi. Kwa mistari iliyoachana sentimeta 75, urefu wa mita 5.4 za mstari mmoja ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Mkulima akipima mita hizo kwa utepe, akahesabu mimea iliyomo na kuongeza masifuri matatu, amepata idadi ya mimea ya ekari yake. Afanye hivyo mahali kumi tofauti achukue wastani. Inayotarajiwa ni kama 18. Tuseme wastani wake ni 13. Ekari hiyo ina mimea 13,000 badala ya 18,000, na hakuna mbolea ya kukuzia itakayorudisha ile elfu tano isiyokuwapo.

Kisha kamera isogee kwenye pengo moja na mkulima afukue. Kama hakuna mbegu, imeliwa na ndege, panya au panzi. Ipo lakini imeoza, ilizama mno au maji yalituama. Imechipua na ncha ni ya kahawia, turudi kwenye video ya tisa. Mche umelazwa chini umekatwa usawa wa udongo, afukue pembeni yake na pengine atamkuta sota mwenyewe amejikunja. Hapo mtazamaji ameona upelelezi mzima kwa dakika nne, na kesho asubuhi atakwenda kwake na utepe. Jirani akiwepo mbele ya kamera ni bora zaidi. Akisema, "Mzee, mimi ya kwangu imetoka kumi na moja," hilo lina nguvu kuliko hotuba yoyote ya mwenye chaneli.

Palizi ni wazo la kumi na moja na nitalipita haraka. Kipande cha mita tano kiachwe bila kupaliliwa, mambo yakaanza siku ya kuota, na simu isimame kwenye kigingi kilekile kila Jumamosi saa ileile kwa wiki sita. Picha hizo zikiunganishwa hazihitaji maneno mengi.

Januari huleta viwavijeshi vamizi. Wadudu hawa walitoka mabara ya Amerika, wakaripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wamefika Tanzania na Kenya. Kila chaneli ya mahindi ina video yao, na nyingi zina kosa moja: zinaanzia kwenye chupa ya dawa. Mkulima wetu awe na video tatu zinazofuatana.

Ya kumi na mbili ni kumtambua. Kiwavi aliyekomaa ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Funza wa mabua hana alama hizo. Simu nyingi za kawaida hazichukui kitu kidogo vizuri, kwa hiyo kiwavi awekwe juu ya karatasi nyeupe kivulini na simu isogezwe mpaka ikatae, kisha irudishwe nyuma kidogo.

Ya kumi na tatu ni kukagua shamba, na ni uamuzi mgumu kuliko kupulizia. Mkulima anatembea shambani kwa njia inayofanana na herufi W, anasimama mara tano, na kila anaposimama anakagua mimea ishirini mfululizo. Anatazama majani machanga yanayochomoza katikati ya mmea. Anatafuta vidirisha vyeupe vilivyokwanguliwa, matundu mapya na kinyesi kibichi kama unga wa mbao. Jani lililotoboka zamani na kitovu kikiwa safi halihesabiwi, kwa sababu kiwavi ameshaondoka au amekufa. Mimea ni mia, basi idadi aliyopata ndiyo asilimia. Mwongozo unaotumika kwa wakulima wadogo ni kwamba mahindi yakiwa bado machanga, kupulizia kunaanza kulipa karibu na mimea ishirini kwa mia. Yakishakuwa makubwa lakini mbelewele hazijatoka, subira inaweza kufika karibu arobaini, kwa sababu mmea mkubwa unastahimili. Ni makadirio, na bei ya dawa na ya mahindi ya mwaka huo huyasogeza juu au chini. Namna ya kuipiga video hii ni kumwacha mkulima ahesabu kwa sauti, na mtazamaji asijue jibu mpaka kituo cha tano. Siku akipata tisa kwa mia na kurudi nyumbani bila kupulizia, hiyo ndiyo siku ya kurekodi.

Muda nao ni sehemu ya jambo hili. Kiwavi mdogo yuko wazi na dawa humfikia. Mkubwa amejichimbia kwenye kitovu na kuziba mlango kwa kinyesi chake, na mtu anaweza kumaliza bomba zima juu yake bila kumgusa. Asubuhi na mapema au jioni ndipo anapotoka kula.

Ya kumi na nne inajibu lile swali la vifuniko kwa bomba. Swali lenyewe halina jibu mpaka mtu ajue bomba lake linamwaga maji kiasi gani, na hilo linategemea nozeli, mkono unaopampu na mwendo wa miguu. Mkulima avae mavazi yake yote ya kupulizia, hata kama siku hiyo ndani ya bomba kuna maji matupu, ili mtazamaji azoee kuyaona. Anapima mraba wa mita kumi kwa kumi shambani, anatia lita kumi za maji, anapuliza mraba huo kwa mwendo wake wa kawaida, kisha anapima yaliyobaki. Tuseme zimetumika lita tatu. Ekari ina miraba kama arobaini ya namna hiyo, kwa hiyo atahitaji lita 120, yaani mabomba saba na nusu ya lita 16. Lebo ikisema mililita 100 kwa ekari, kila bomba lipate mililita 13 hivi. Sasa ampe bomba lilelile kijana wake anayetembea haraka. Ametumia lita mbili. Kwake ekari ni lita 80, mabomba matano, na kila bomba litahitaji mililita 20. Shamba moja, dawa moja, vipimo viwili, na wote wawili wako sahihi. Wangetumia wote kifuniko kimoja, mmoja wao angekuwa anawachekea wadudu. Lebo nyingine huandika kipimo kwa lita 20 za maji. Hiyo imeshakadiria maji ya ekari nzima, na mkulima asome yamekadiriwa mangapi. Kipimo kiwe cha bomba la sindano au kikombe chenye mistari, maana vifuniko vya chupa za dawa havilingani.

Katikati ya msimu kuna mawazo mawili ya rangi na mbolea. La kumi na tano ni kusoma majani. Njano inayoanzia ncha ya jani la chini na kushuka kwa kufuata mshipa wa kati, ikichora umbo la V, ni njaa ya naitrojeni. Njano au kuungua kunakofuata kingo za jani kunaelekeza kwenye potasiamu. Zambarau kwenye mche mdogo husemwa ni upungufu wa fosforasi, na mara nyingi ni kweli, ila huku nyanda za juu baridi ya siku chache huweza kuleta rangi hiyohiyo na mmea ukapona wenyewe jua likirudi. Mkulima asiwe na haraka ya kutoa hukumu mbele ya kamera. Afunge uzi mwekundu kwenye mche ule na kuurudia baada ya siku kumi.

La kumi na sita ni yurea kufukiwa. Yurea ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu bila kufunikwa, sehemu yake hugeuka hewa na kupotea. Jinsi ya kuonyesha kitu kisichoonekana ndiyo shida. Njia moja ni kuweka udongo mbichi kwenye chupa mbili za mdomo mpana, moja yurea ikiwa juu, nyingine ikiwa imefukiwa, na kuzifunga siku kadhaa. Kamera haisikii harufu, lakini uso wa anayefungua chupa ya kwanza utatosha. Jaribio la shambani la mstari uliofukiwa na ambao haukufukiwa lina hatari yake: mvua nzuri ikinyesha siku hiyohiyo, itaizamisha yurea yote ardhini na mistari miwili itafanana. Hilo nalo lisemwe, maana mtazamaji mmoja atalijaribu na kurudi na malalamiko.

Mahindi yakianza kukauka, wazo la kumi na saba linapatikana kwenye ncha ya punje. Mkulima anachomoa punje katikati ya gunzi na kukwangua pale iliposhikia. Akiona tabaka jeusi, punje imeacha kujazwa, na kuanzia hapo mahindi yanakauka tu. Kabla ya doa hilo, kuvuna ni kupoteza uzito. Baada yake, kuyaacha shambani mvua zikiwa bado ni kukaribisha ukungu na wezi. Picha ni ya sekunde tano na watu wengi hawajawahi kuiona.

Ukungu unatuleta kwenye sumukuvu, na hapa mkulima aongee kwa kiasi. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu yenyewe haionekani kwa macho na kupika hakuiondoi kwa kutegemewa, hivyo asidai kuionyesha. Anachoweza kuonyesha ni ukavu. Wazo la kumi na nane ni jaribio la chumvi: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, mahindi mpaka theluthi ya chupa, kutikisa dakika moja na kuacha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda umeshuka hapo, lakini ghala linataka kama 13.5, kwa hiyo mahindi yarudi kwenye turubai siku nyingine moja au mbili. Chumvi iliyovuta unyevu jikoni itadanganya, basi ikaangwe kwanza.

La kumi na tisa linachukua miezi mitano kurekodiwa. Julai mkulima anajaza mahindi makavu kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule wenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya mmoja wa kusuka. Anaukagua kila mfuko wa ndani kwa kuujaza upepo, anafunga mmoja mmoja kwa kamba. Pembeni anaweka gunia la kawaida la mahindi yaleyale. Desemba anafungua yote mawili mbele ya simu bila kujua atakachokuta. Mfuko ukiwa mzima, wadudu walioingia na mahindi wamemaliza hewa na kufa. Ukiwa na tundu la panya, dumuzi wanaishi, na video bado ni nzuri.

La ishirini ni hesabu: ekari moja, kila shilingi iliyotoka kuanzia kulima mpaka kupukuchua, magunia yaliyopatikana, na bei ya siku ya kuuza. Wengi huogopa hii. Aandike kwenye daftari tangu Septemba, kwa sababu kumbukumbu ya Julai husahau vibarua wa Januari.

Ishirini hizo zikishapatikana, nyingine zitakuja zenyewe, na itabidi zichujwe. Kuna vichujio viwili tu ninavyoviamini. Cha kwanza: kuna kitu cha kuona? "Faida za mzunguko wa mazao" ni sauti tupu mpaka mkulima awe na vipande viwili vya kulinganisha. Cha pili: anacho kwake? Digital Green, mradi ulioanza India katikati ya miaka ya 2000 ndani ya kituo cha utafiti cha Microsoft, ulijengwa juu ya wakulima wa kijiji kurekodiwa kwenye mashamba yao na kuonyeshwa kwa majirani, kwa sababu watazamaji hutaka kujua kama anayeongea ni mtu wa hali yao. Ndiyo maana kitalu nyumba na ndege za kupulizia hazimo kwenye orodha yetu, ingawa zingependeza kwenye picha ya mbele.

Limebaki suala la lini kila video itoke, na hapa mtu wa Mbozi ana bahati aliyopewa na jiografia. Yeye anapanda Novemba au Desemba. Hai na Arumeru wanasubiri masika ya Machi. Trans Nzoia, kule Kenya, wanapanda Machi na Aprili. Kwa hiyo kamba, kifuniko na makopo ya mbegu aliyorekodi Desemba, yakihaririwa bila pupa na kutoka mwanzoni mwa Februari, yanamkuta mtazamaji wa kaskazini akiwa hajafungua mfuko wa mbegu. Jaribio la chumvi la Julai litoke Septemba, kabla Kitale haijaanza kuvuna. Jirani wa Mbozi hatapitwa, kwa sababu atapata zote kwenye kundi la WhatsApp la kijiji wiki ileile ya kazi, zikiwa fupi na hazijapambwa.

Na kama chaneli inaanzishwa Januari, mahindi yakiwa yamefika magotini, asirudi nyuma kuigiza upandaji. Aanze na ya kumi na tatu, kukagua viwavi. Za Septemba zimeandikwa daftarini pamoja na mambo matatu ya kuandaa mapema: mistari ya mbegu mpya na ya ghalani, kipande kisichopaliliwa, na kigingi cha simu.